Amonia siyo bapa: namna ya kuelezea umbo la molekuli yenye jozi pweke mpaka maksi zote ziingie

Swali lenyewe ni fupi sana. Elezea umbo la molekuli ya NH3 na utaje pembe ya bondi zake, maksi 4. Madenti wengi wa kidato cha tano na cha sita wakiliona wanafurahi maana jibu wanalijua, wanaandika "umbo ni piramidi, pembe ni nyuzi 107, kwa sababu kuna jozi pweke", wanahamia swali linalofuata, na karatasi ikirudi wanakuta maksi 2. Hapo ndo malalamiko yanaanza, mwalimu kanionea, si nimepatia? Ndiyo umepatia, kila neno uliloandika ni kweli, ila swali limesema elezea, na ukiambiwa elezea umbo la molekuli unatakiwa uonyeshe njia nzima kutoka kwenye elektroni mpaka kwenye umbo, bila kuruka. Nimesahihisha majibu ya hivi miaka mingi kwenye tuisheni na mara nyingi sana maksi zinapotelea kwenye viungo viwili vya katikati, vitu ambavyo mwanafunzi ukimuuliza kwa mdomo anakujibu vizuri tu, ila kwenye karatasi kaviruka akidhani vinajulikana.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mtihani wa huku kwetu utaujibu kwa Kiingereza, najua, lakini nimeona wengi wamekariri sentensi za Kiingereza bila kujua nini kinasukuma nini, na swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea. Ukishaelewa mwendo wenyewe, kuuhamishia Kiingereza ni kazi ndogo.

Tuanze na kuhesabu maana kila kitu kinasimama hapo. Kwenye amonia atomu ya kati ni naitrojeni. Naitrojeni ina elektroni 5 kwenye ganda la nje. Kila haidrojeni inaleta elektroni 1, na haidrojeni ziko tatu, kwa hiyo 5 kujumlisha 3 unapata 8, gawa kwa mbili unapata jozi 4. Sasa jiulize, bondi ziko ngapi? Tatu. Basi jozi tatu zimeshikilia haidrojeni na jozi moja imebaki haijashikilia atomu yoyote, hiyo ndo jozi pweke, ile tunayoiita loni pea darasani. Andika hii hesabu kwenye jibu lako kama sentensi: naitrojeni imezungukwa na jozi nne, tatu za bondi na moja pweke. Usiandike tu "ina jozi pweke" maana msahihishaji anataka kuona namba zote mbili, za bondi ngapi na pweke ngapi, na ukitaja moja tu unamwachia akisie nyingine, na msahihishaji hapewi ruhusa ya kukisia kwa niaba yako.

Baada ya hapo ndo kinakuja kiungo cha kwanza kinachorukwa. Jozi nne zipo, sawa, lakini kwa nini zikae vile zinavyokaa? Elektroni zote zina chaji hasi, na chaji zinazofanana zinasukumana, kwa hiyo kila jozi inajaribu kuwa mbali na zenzake kadiri inavyowezekana, lakini zote zimefungwa kwenye kiini kilekile cha naitrojeni hivyo haziwezi kukimbia, zinachoweza ni kugawana nafasi pande zote za hicho kiini. Mpangilio utakaotokea ni ule wenye msukumano mdogo kabisa. Sentensi hiyo moja, kwamba jozi zinasukumana na kujipanga mbali iwezekanavyo ili msukumano uwe mdogo, ni maksi nzima karibu kila mahali swali hili linapotokea, na ndo inayokosekana kuliko zote. Mtu anaruka kutoka "ina jozi nne" mpaka "umbo ni piramidi" kama vile piramidi imeanguka kutoka mbinguni.

Kama unataka kuliona kwa macho tafuta maputo manne ya sherehe, yajaze upepo yalingane, kisha funga vifundo vyao pamoja pale katikati. Ukiyaweka mezani hayalali bapa kama msalaba hata ukiyalazimisha, ukiyaachia tu moja linanyanyuka juu na mengine matatu yanajipanga chini kama miguu ya kigoda. Sababu yake ni kwamba kwenye msalaba kila puto lina majirani wawili waliobanana nalo kwa nyuzi 90, wakati ukitumia nafasi ya juu na chini kila puto linakaa nyuzi 109.5 kutoka kwa wenzake wote watatu. Huo mpangilio ndo unaitwa tetrahedro, na ndo umbo la methani, CH4, maana kaboni ina jozi nne zote za bondi na hakuna inayomzidi mwenzie. Maputo yanabanana kwa sababu ya unene wao, elektroni zinasukumana kwa sababu ya chaji, ni vitu viwili tofauti, ila mpangilio unaotokea ni uleule na ukishayashika kwa mkono hutasahau tena kwa nini ni 109.5 na siyo 90. Karatasi inatudanganya hapa. Tukichora methani kwenye daftari tunachora msalaba, H juu, H chini, H kushoto, H kulia, na jicho linazoea kuona nyuzi 90.

Sasa kiungo cha pili, hiki ndo roho ya swali. Kama amonia nayo ina jozi nne, mbona pembe yake siyo 109.5? Kwa sababu jozi zake nne hazifanani. Jozi ya bondi inavutwa na viini viwili, cha naitrojeni upande huu na cha haidrojeni upande ule, kwa hiyo imenyooshwa katikati ya hao wawili, imekuwa nyembamba. Jozi pweke inavutwa na kiini kimoja tu cha naitrojeni, hakuna anayeivuta upande wa nje, hivyo inakaa karibu zaidi na naitrojeni na kujitanua ubavuni. Fikiria siti ya nyuma ya daladala, watu wanne, watatu wamebana magoti na wa nne amekaa kajipanua, hao watatu lazima wasogeleane hata kama hakuna mtu aliyewaambia. Jozi pweke inazisukuma zile jozi tatu za bondi kwa nguvu zaidi kuliko jozi za bondi zinavyosukumana zenyewe kwa zenyewe, zinasogeleana, na pembe ya H-N-H inashuka kutoka 109.5 mpaka 107.

Angalia nimeandika "kwa nguvu zaidi kuliko". Neno kuliko ndo lenye maksi. Ukiandika "jozi pweke inasukuma jozi za bondi" umesema kweli lakini hujasema kitu kipya, maana jozi za bondi nazo zinasukuma, jozi zote zinasukuma. Kinachofanya pembe ipungue ni kwamba moja inasukuma zaidi, na hilo lazima lisemwe kwa kulinganisha, hii kuliko ile.

Inabaki jina la umbo, na hapa kuna mkanganyiko mmoja ambao nauona hata kwa wanafunzi wazuri. Jozi nne zimejipanga kitetrahedro, ndiyo, lakini umbo la molekuli linaitwa kwa kuangalia atomu zilipo tu. Jozi pweke ipo, inasukuma, imechukua nafasi yake pale juu, ila wakati wa kutoa jina unajifanya huioni. Ukiifunika jozi pweke kwa kidole unabaki na naitrojeni kileleni na haidrojeni tatu chini zikitengeneza kitako cha pembetatu, kwa hiyo ni piramidi ya pembetatu. Mtu akiandika kwamba umbo la amonia ni tetrahedro amechanganya mpangilio wa jozi na umbo la molekuli, na akiandika piramidi tupu bila kusema kitako chake ni cha pembetatu anaweza kusamehewa au asisamehewe, inategemea karatasi ni ya bodi gani, sasa kwa nini ujiweke kwenye bahati nasibu wakati ni neno moja tu.

Jibu zima la maksi 4 basi linakuwa fupi kuliko watu wanavyodhani:

"Naitrojeni imezungukwa na jozi nne za elektroni, tatu za bondi na moja pweke. Jozi hizi zinasukumana na kujipanga mbali iwezekanavyo ili msukumano uwe mdogo kabisa. Jozi pweke inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko jozi za bondi. Kwa hiyo molekuli ni piramidi ya pembetatu na pembe ya H-N-H ni nyuzi 107."

Sentensi nne. Mgawanyo wa maksi unabadilika kidogo kutoka mtihani hadi mtihani, wengine wanatoa maksi ya umbo mbali na maksi ya pembe na kuunganisha zile za msukumano, lakini ukiwa na hizo sentensi nne kwa huo mtiririko sijui msahihishaji atakunyima kipi.

Wakikuomba mchoro, chora naitrojeni katikati, juu yake jozi pweke kama vidoti viwili ndani ya kijimfuko, haidrojeni moja kwa mstari wa kawaida, ya pili kwa kabari nene ikimaanisha inakuja kwako, ya tatu kwa kabari ya mistari mistari ikimaanisha inaenda nyuma ya karatasi. Mchoro bila jozi pweke ni mchoro wa molekuli nyingine.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kosa moja maana linaonyesha kama mtu ameelewa au amekariri. Kuna jibu naliona kila mwaka: "atomu za haidrojeni zinasukumana ndo maana zinakaa mbali mbali". Linasikika vizuri, ila halipati maksi, na siyo suala la lugha tu, ni kemia yenyewe imekosewa. Njia nzuri ya kujithibitishia ni kuweka amonia pembeni ya BF3. Zote mbili zina atomu moja katikati na atomu tatu pembeni. Kama kinachoamua umbo ni zile atomu tatu za pembeni kukimbiana, basi zote mbili zingekuwa bapa, maana atomu tatu zikitaka kuwa mbali kabisa na zenzake zinajipanga kwenye pembetatu bapa kwa nyuzi 120. BF3 iko hivyo kweli, bapa, nyuzi 120. Amonia haiko hivyo. Kuna kitu kinazisukuma zile haidrojeni tatu zishuke chini, na kitu hicho siyo atomu maana juu ya naitrojeni hakuna atomu, ni ile jozi pweke. Boroni ina elektroni 3 tu za nje, florini tatu zinaleta moja moja, jumla 6, jozi tatu, zote za bondi, hakuna iliyobaki. Ndo maana ni bapa. Kwa hiyo sema jozi za elektroni zinasukumana, taja jozi kila mara, usiseme atomu, na hata kusema "bondi zinasukumana" mimi nakushauri uache kwa sababu kuna anayekubali na kuna asiyekubali.

Na hilo la NH3 na BF3 lenyewe ni swali la mtihani, linapenda kuja kwa mtindo wa "molekuli hizi mbili zina idadi sawa ya atomu lakini maumbo tofauti, elezea". Ukiwa na ile hesabu ya jozi mkononi unalimaliza: boroni jozi tatu za bondi bila pweke, naitrojeni jozi tatu za bondi na pweke moja, zote zinajipanga mbali iwezekanavyo, ya kwanza pembetatu bapa 120, ya pili piramidi ya pembetatu 107 kwa kuwa pweke inasukuma zaidi kuliko za bondi. Wanaokosa hapa ni wale wanaoelezea amonia vizuri sana afu BF3 wanaitaja kwa jina la umbo peke yake, wakati swali la kulinganisha lina maksi pande zote mbili.

Tuje kwenye maji. Oksijeni ina elektroni 6 za nje, haidrojeni mbili zinaongeza 2, jumla 8, jozi nne tena, ila safari hii mbili ni za bondi na mbili ni pweke. Mpangilio wa jozi ni uleule wa kitetrahedro, lakini ukizifunika zile pweke mbili kwa vidole unabaki na oksijeni katikati na haidrojeni mbili zilizoning'inia upande mmoja, umbo la V, wengine wanasema umbo lililokunjika. Pembe ni nyuzi 104.5. Maelezo yake yanafanana na ya amonia ila kuna kipande cha kuongeza kwa sababu sasa hivi pweke ziko mbili na zenyewe zinasukumana. Msukumano wa pweke kwa pweke ni mkubwa kuliko wote, unafuata wa pweke kwa bondi, na wa mwisho kabisa ni wa bondi kwa bondi. Kwa hiyo jozi mbili za bondi za maji zinabanwa na pweke mbili, wakati kwenye amonia zilikuwa zinabanwa na moja, ndo maana pembe imeshuka zaidi.

Swali la maksi 5 au 6 linaloulizwa sana ni hili: pembe ya bondi kwenye CH4 ni 109.5, kwenye NH3 ni 107, kwenye H2O ni 104.5, elezea tofauti hiyo. Watu wanaandika ukurasa mzima hapa na bado wanapata nusu, kwa sababu wanaelezea kila molekuli kivyake kama maswali matatu, wanarudia rudia vitu vilevile, na ule ulinganisho wenyewe haujaandikwa popote. Anza na kinachofanana: zote tatu zina jozi nne kuzunguka atomu ya kati, jozi zinasukumana na kujipanga mbali iwezekanavyo, kwa hiyo msingi wa zote ni tetrahedro. Halafu kinachotofautiana: methani haina jozi pweke, amonia ina moja, maji yana mbili. Halafu sababu: jozi pweke inasukuma zaidi kuliko jozi ya bondi, kwa hiyo kadiri pweke zinavyoongezeka jozi za bondi zinabanwa zaidi na pembe inapungua. Ukifika hapo umemaliza, hata nafasi ya kuandikia inabaki.

Kuhusu maji kuna denti aliwahi kuniambia "mwalimu mimi naona H-O-H imenyooka kabisa", na kweli kwenye vitabu tunaiandika hivyo kwa mstari mmoja, H-O-H. Ingekuwa imenyooka kweli, ile mivuto miwili ya oksijeni ingekuwa inaelekea pande mbili zinazopingana na kufutana, na maji yasingekuwa na upande hasi na upande chanya, chumvi isingeyeyuka ndani yake kama inavyoyeyuka. Kunyooka kwake kwenye daftari ni uvivu wetu wa kuandika tu. Kila ukiandika oksijeni yenye bondi mbili moja moja jizoeshe kuweka vidoti vyake vinne, jozi mbili, mkono ukizoea akili nayo inakumbuka.

Ioni nazo huwa zinaletwa kuona kama unahesabu au unakumbuka. Sheria ni ndogo, chaji hasi ni elektroni iliyoongezwa, chaji chanya ni elektroni iliyoondolewa. Chukua NH2-. Naitrojeni 5, haidrojeni mbili ni 2, chaji hasi ongeza 1, jumla 8, jozi nne, bondi mbili, pweke mbili. Hiyo ni hali ileile ya maji, kwa hiyo ni umbo la V na pembe unayoitabiri ni karibu 104.5, japo atomu ya kati ni naitrojeni. Mtu aliyekariri kwamba naitrojeni ni piramidi anaanguka hapo. Kinyume chake H3O+, oksijeni 6, haidrojeni 3, toa 1, jumla 8, bondi tatu, pweke moja, piramidi ya pembetatu, utatabiri karibu 107, kama amonia. Na NH4+ inapata jozi nne zote za bondi maana ile pweke imeenda kushikilia haidrojeni ya nne, hakuna tena wa kubana wenzie, umbo linakuwa tetrahedro kamili na pembe inarudi 109.5. Kwenye swali la "pembe inabadilikaje amonia inapogeuka kuwa ioni ya amoniamu" usiseme tu inaongezeka kutoka 107 mpaka 109.5, sema kwa nini, pweke imegeuka kuwa jozi ya bondi na sasa misukumano yote inalingana.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kila jozi pweke inapunguza nyuzi 2.5 na hiyo ni sheria ya dunia nzima, maana 109.5, 107, 104.5 zimeshuka kwa hatua sawa na walimu tunaitumia kama njia ya kukumbuka. Hiyo ni ya kukumbukia tu. Wazo la kuhesabu jozi ili kupata umbo lilitolewa na Sidgwick na Powell mwaka 1940, na mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm kule London wakaliweka vizuri pamoja na hili la jozi pweke kusukuma zaidi, ndo nadharia inayoitwa VSEPR. Inatabiri jina la umbo vizuri sana, inatabiri pembe itaongezeka au itapungua, ila namba kamili ya pembe inatoka kwenye vipimo vya maabara. PH3 ina jozi zilezile kama amonia, bondi tatu na pweke moja, ila pembe yake iliyopimwa ni karibu nyuzi 93.5, mbali kabisa na 107. H2S ambayo ni ndugu wa maji ina karibu 92. Fosforasi na salfa ni atomu kubwa zaidi, jozi za bondi ziko mbali zaidi na kiini cha kati, hivyo zenyewe kwa zenyewe hazisukumani sana na pweke inapata nafasi ya kuzibana mpaka zikaribie nyuzi 90. Nalisema hili ili ukikutana na namba hizo kwenye swali la data usidhani kitabu kimekosea.

Nimalizie na mfano ambao unakusanya mitego yote, PCl3, elezea umbo lake, maksi 4. Mtego wa kwanza ni kwamba kila klorini ina jozi pweke tatu za kwake, kwa hiyo ukichora vidoti na misalaba unaona pweke kibao, na kuna wanaoandika "ina jozi pweke kumi" afu wanakwama hapo hawajui umbo la jozi kumi. Jozi zinazoamua umbo ni zile zinazozunguka atomu ya kati peke yake. Za klorini ziko kwa klorini, achana nazo. Fosforasi ina 5, klorini tatu kila moja inaleta 1 kwenye bondi, jumla 8, jozi nne, tatu za bondi, moja pweke. Mtego wa pili ni kukimbilia kusema pembetatu bapa kwa sababu unaona klorini tatu, lile kosa la kuhesabu atomu badala ya jozi. Mtego wa tatu ni pembe. Ukitabiri kwa nadharia utasema karibu 107 kwa kuwa jozi ziko kama za amonia, na iliyopimwa ni karibu 100. Swali likisema tabiri, miongozo mingi ya kusahihishia inatoa nafasi ya namba kadhaa chini ya 109.5, kwa hiyo 107 ukiisindikiza na sababu kwa kawaida inapita, lakini kama swali limekupa data ya 100 usiigombanishe na 107, elezea tu kwa nini iko chini ya 109.5:

"Fosforasi imezungukwa na jozi nne, tatu za bondi na moja pweke. Jozi zinasukumana na kujipanga mbali iwezekanavyo. Jozi pweke inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko jozi za bondi, kwa hiyo jozi za bondi zinasogeleana na pembe inakuwa ndogo kuliko 109.5. Umbo ni piramidi ya pembetatu."

Ni jibu lilelile la amonia, na ndivyo inavyotakiwa iwe, maana jozi ni zilezile.